UZI: Chumba kimelaliwa lakini kwenye mfumo kiko wazi. Mapato ya hoteli mnayakaguaje?

Mkaguzi_Kaskazini

Wadau habari za jioni. Niko kwenye ukaguzi wa hoteli moja Arusha, vyumba 40, ina mgahawa na baa, jina siwezi kutaja na mnajua kwa nini. Nimepewa eneo la mapato na nimeanza na mwezi wa Juni. Siku 30 mara vyumba 40 ni 1,200, mfumo wa bukingi unasema vimeuzwa 690, yaani asilimia 57.5. Sawa. Ila nikaomba karatasi za hauskipingi, zile wanazoandika asubuhi kila chumba kimelaliwa au hakijalaliwa, nikajumlisha mwezi mzima nikapata 742. Tofauti ni 52.

Meneja anasema wadada wa usafi huwa wanakosea kuandika, nisipoteze muda hapo. Bosi wangu naye aliniambia nichukue ankara 25 nizifuatilie mpaka benki, nimefanya na zote 25 ziko safi kabisa, risiti ya EFD ipo, hela imeingia. Lakini bado sina amani na hizo 52. Swali langu ni mawili: hizi 52 nazishughulikia vipi, na huu mfumo wenyewe wa bukingi naupimaje kama unaaminika maana kila ripoti ninayopewa inatoka humo humo.

mhasibu_huru

Mkuu usijichoshe. Ankara 25 zimenyooka, sasa kamata Z ripoti za EFD za kila siku ulinganishe na leja ya mapato, zikikubaliana umemaliza, nenda kwenye gharama huko ndo kuna mambo. Karatasi za usafi zinaandikwa kwa mkono na mtu ana vyumba 14 vya kusafisha na saa tano wageni wapya wanakuja. Ukianza kuamini hizo kuliko mfumo hutoki hapo.

Mzee wa Leja

Kijana, mhasibu hapo juu yuko sahihi nusu. Z ripoti ulinganishe, ndiyo, hiyo lazima. Ila angalia umeanzia wapi. Umechukua ankara ukaenda nayo mpaka benki, maana yake umethibitisha kwamba kilichoandikwa kilitokea na hela yake ilifika. Chumba kilichouzwa bila kuandikwa hakina ankara, kwaiyo hata ungechukua ankara zote za Juni usingekutana nacho. Na EFD ni hivyo hivyo, inajua kile tu ilichoingiziwa. Mtu akitaka kula hela ya chumba hatengenezi ankara halafu akaificha, anaacha tu kuitengeneza.

Hoteli wizi wake mkubwa ni wa kutoandika, kwaiyo jaribio lako linatakiwa lianzie nje ya vitabu, mahali ambapo mgeni ameacha alama kwa kulala tu au kwa kula, ndo uingie ndani ya mfumo kumtafuta. Karatasi ya hauskipingi ni alama mojawapo, na ndiyo nzuri kuliko nyingi.

Kabla sijaenda mbali nijibu mambo mawili. Karatasi ulizojumlisha ni za tarehe gani hadi gani? Na umelinganisha jumla kwa jumla, au chumba kwa chumba kwa kila tarehe? Jumla kwa jumla inaficha mengi kwa sababu makosa ya kuzidi na ya kupungua yanakulana.

Dada_wa_Shuka

Jamani niseme hapo kwenye karatasi kwa sababu nimesimamia hauskipingi Zanzibar miaka mingi. Kwanza muulize msimamizi wao karatasi inaanzaje asubuhi. Kuna hoteli mapokezi wanachapa orodha ya vyumba vyenye wageni, wanawapa wadada, na wadada wanaweka tiki tu. Kama ni hivyo basi hiyo karatasi si ushahidi wa kitu, ni mfumo huo huo umepita kwenye kalamu. Karatasi yenye maana ni ile tupu, ina namba za vyumba peke yake, dada anagonga mlango anaingia anaandika alichokiona.

Pili chumba chenye kibao cha usisumbue. Wengine wanaandika kimelaliwa bila kuingia, wengine wanaacha wazi. Utakuta tofauti ndogo ndogo hapo.

Na huyo meneja anayesema wadada wanakosea, wanakosea ndiyo, lakini kosa la dada linakwenda pande zote mbili, leo atasahau chumba kilicholaliwa kesho ataandika kisicholaliwa. Ukiona makosa yote yanaelekea upande mmoja mwezi mzima, hayo si ya wadada. Dobi pia waulize, shuka zinahesabiwa zikitoka kila siku na chumba cha mgeni aliyeondoka lazima kibadilishwe shuka. Anayeendelea kukaa msimtumie kwa hesabu hiyo maana hoteli nyingi wanabadilisha baada ya siku mbili tatu.

Mkaguzi_Kaskazini

Asanteni sana. Mzee, karatasi nilichukua za tarehe 2 Juni mpaka 1 Julai, kwa sababu inayoandikwa asubuhi inaongelea usiku uliopita. Dada, ni karatasi tupu, nimeziona, ina namba 101 mpaka 410 na nafasi ya kuandika, na nimeongea na msimamizi akanionyesha bando lake analotunza stoo, sio mapokezi.

Nilikuwa nimelinganisha jumla. Nimekaa jana na leo nimefanya chumba kwa chumba. Picha imebadilika sana. Vyumba vilivyolaliwa kwa karatasi lakini kwenye mfumo havina mgeni ni 71. Vyumba ambavyo mfumo unasema vimeuzwa lakini karatasi inasema kitanda hakijaguswa ni 19. Ukitoa 19 kwenye 71 ndo zile 52. Hizo 19 nimeziangalia, nyingi ni wageni waliolipa hawakufika na hoteli ikawatoza, na wachache walioondoka usiku kuwahi ndege, hazinisumbui. Kazi iko kwenye 71.

Kibopa_wa_Gesti

Wakuu samahani nimeingia katikati. Mimi nina gesti Dodoma vyumba 12, tunaandika kwenye kaunta buku na kijana wa mapokezi najua kabisa ananipiga. Naomba mniambie mfumo gani wa kompyuta nikinunua hataweza kuiba, bajeti ipo. Vyumba vyangu pia vinaenda kwa masaa mchana, shoti taimu, sijui kama hiyo mifumo inakubali.

Mzee wa Leja

Ndugu yangu wa Dodoma, swali la huyu kijana lenyewe linakujibu. Yeye anao mfumo na vyumba 71 vimepita pembeni. Kompyuta haimuoni mtu akipanda ngazi. Kwako wewe chumba kimoja kinaweza kuuzwa mara tatu kwa siku, kwaiyo kuhesabu vyumba vilivyolala hakukusaidii, hesabu shuka. Shuka zote ziwe na alama yako, zikae kwa mtu ambaye sio wa mapokezi, kila mteja akitoka jozi inashuka na jozi inapanda na inasainiwa. Jioni jozi zilizotumika zilingane na mistari ya kaunta buku. Akitaka kukuibia itabidi akubaliane na mtu wa shuka, na wawili kukubaliana ni vigumu kuliko mmoja. Sio kwamba haiwezekani.

Kijana wa Arusha, hizo 71 zigawe. Kuna zenye sababu halali, zitoe kwanza na kila moja iwe na karatasi yake, usikubali maneno matupu.

Kibopa_wa_Gesti

Mtu wa shuka ni dada yake na yule kijana. Nitabadilisha. Asante mzee.

Mkaguzi_Kaskazini

Mzee nimezigawa. 14 ni madereva na waongoza watalii, hoteli inawalaza bure wakileta kundi, kuna karatasi ya meneja kwa kila kundi. 9 ni familia ya mwenye hoteli alipokuja, mwenyewe amethibitisha kwa barua pepe. 6 ni wageni waliohamishwa chumba usiku, maji yalikatika upande mmoja, vitanda vyote viwili vikachafuka. 3 ni watu waliopumzika mchana wakalipa, mapato yapo ila mfumo hauhesabu kama usiku. Jumla 32, zinabaki 39.

Katika hizo 39 kuna 8 ambazo mgeni alifika saa nane tisa usiku, mapokezi wakamuandika kuanzia asubuhi, kwaiyo usiku ule hakutozwa. Hapa sina uhakika. Ni huruma ya hoteli au ni hela iliyochukuliwa mkononi?

Mzee wa Leja

Hizo 8 ziweke pembeni kwenye kundi lake. Uliza sera yao ya mgeni anayefika alfajiri ni ipi na nani anaruhusiwa kusamehe. Kama hakuna sera iliyoandikwa hiyo yenyewe ni hoja kwenye ripoti yako, maana mlango upo wazi.

Kwa 31 zinazobaki swali ni moja. Usiku ule, kwenye mfumo, chumba kile kilikuwa na hali gani? Wazi, kibovu, au kuna bukingi iliyoingizwa halafu ikaghairiwa? Chumba ambacho kinaonekana wazi na mgeni yumo ndani ni hatari kwa mwizi mwenyewe, mwenzake anaweza kukiuza tena saa nne usiku. Kwaiyo mara nyingi anakifunga kwa namna fulani.

Fundi_Data

Nimekuwa nikifunga hii mifumo ya hoteli, naongeza upande wa pili wa swali, kuuamini mfumo.

Mkuu milango yenu ni ya kadi au funguo? Kama ni kadi, ile mashine ya kuandikia kadi ina kumbukumbu zake, na mara nyingi haijaunganishwa na mfumo wa bukingi hata kidogo. Kila kadi ikitengenezwa inabaki namba ya chumba, saa, na jina la aliyeingia kwenye mashine. Watu wa mapokezi wengi wanafuta bukingi wanasahau hiyo. Omba faili lake la Juni lote, na uwepo wewe mwenyewe wakati linatolewa.

Alafu ripoti ya ukaliaji usiichukue tu kama walivyokuchapia. Omba orodha ghafi ya bukingi zote, zikiwemo zilizoghairiwa, uhesabu mwenyewe. Ukiweka tarehe ya kufika safu ya B, ya kuondoka C, hali D, na tarehe ya usiku unaoutaka F1, fomula ni hii:

```
=SUMPRODUCT((B2:B900<=F1)*(C2:C900>F1)*(D2:D900<>"Cancelled")*(D2:D900<>"No Show"))
```

Angalia hapo kwenye kuondoka ni kubwa kuliko, sio kubwa au sawa, mtu anayeondoka tarehe 12 hakulala tarehe 12. Hilo kosa nimeliona hata kwenye ripoti zilizotengenezwa na hoteli zenyewe. Na kwa kuwa ripoti yenu inahesabu waliotozwa bila kufika, ongeza hao kando ndipo ulinganishe.

Na jaribio ninalolipenda kuliko yote. Hoteli nyingi mtu wa naiti oditi akifunga siku, ripoti inakwenda kwa barua pepe ya mwenye hoteli usiku ule ule. Mwenye hoteli hata hazisomi, zimekaa tu kwenye sanduku. Muombe akutumie za Juni, yeye moja kwa moja, zisipitie kwa meneja. Kisha chapa leo ripoti ya tarehe hizo hizo. Zikitofautiana, kuna mtu anarudi nyuma kubadilisha siku zilizofungwa, na hapo ripoti yoyote ya mfumo huo haina thamani mpaka ujue nani anayo hiyo ruhusa.

mhasibu_huru

Fundi umenikumbusha kitu. Hii mifumo ya mtandaoni seva zake ziko nje, saa zake ni za UTC, sisi tuko mbele masaa matatu. Mimi nilikutana nayo kwenye lodji, mgeni wa saa saba usiku tarehe 6 anaonekana tarehe 5. Si inawezekana hizo 31 zote ni saa tu? Kabla hamjamuita mtu mwizi.

Fundi_Data

Ni hoja nzuri na lazima aiangalie, ila haiwezi kubeba 31. Tofauti ya masaa matatu inagusa tu kilichoingizwa kati ya saa sita na saa tisa usiku, na inahamisha kitu kutoka tarehe moja kwenda nyingine, haikifuti. Ikiwa ndiyo sababu, kila chumba kilichokosekana tarehe 6 utakikuta kimezidi tarehe 5, chumba hicho hicho. Yeye ameshalinganisha chumba kwa chumba, angeona jozi jozi. Alafu tarehe ya kufika kwenye bukingi huwa inachaguliwa na mtu, haifuati saa ya seva. Saa ya seva inaharibu zaidi kumbukumbu za nani alifanya nini na muda gani, kwaiyo mkuu ukisoma hizo ongeza masaa matatu kabla hujamlaumu mtu wa shifti isiyo yake.

Mkaguzi_Kaskazini

Nimerudi. Milango ni ya kadi, na mashine ya kadi iko peke yake kweli. Mwenye hoteli pia amenitumia ripoti za usiku 30 zote.

Kwanza ripoti za barua pepe na za leo zimekubaliana siku zote 30, na hesabu yangu ya fomula inatoa 690 hiyo hiyo nikirudisha waliotozwa bila kufika. Kwaiyo mfumo wenyewe hesabu zake ziko sawa na hakuna anayerudi nyuma. Nilifurahi, alafu nikafungua faili la kadi.

Kati ya 31, vyumba 26 vina kadi iliyotengenezwa usiku ule. Zote kati ya saa mbili na saa sita usiku. Vitano havina kadi kabisa, hivyo naona huenda kweli ni makosa ya karatasi. Kwenye 26, vyumba 17 kwenye mfumo vilikuwa vimewekwa vibovu, vikarudishwa vizima asubuhi kabla ya saa mbili. Nimeangalia kitabu cha fundi wa matengenezo, hakuna bomba wala taa iliyoguswa kwenye vyumba hivyo tarehe hizo. 9 zilizobaki bukingi iliingizwa, ikaghairiwa kabla siku haijafungwa saa tisa usiku, kwaiyo kwenye ripoti ya usiku hazipo hata kidogo.

Bei ya kawaida ya mtu anayeingia bila bukingi ni shilingi 85,000. Mara 26 ni 2,210,000 kwa Juni peke yake.

Nina jina moja la mtumiaji kwenye kadi 26 zote. Ni la shifti ya usiku.

Dada_wa_Shuka

Mwangalie vizuri huyo kijana kabla hujamtaja. Jina moja la mtumiaji si mtu mmoja. Hoteli niliyofanya mimi neno la siri la mapokezi lilikuwa limebandikwa kwa selotepu chini ya kibodi, tulikuwa tunalijua sote mpaka mtu wa bustani.

Mzee wa Leja

Dada amesema jambo ambalo limeshaharibu kesi nyingi. Kijana, uliza jina hilo linatumiwa na nani, na linganisha na ratiba ya shifti iliyosainiwa. Ukikuta kadi imetengenezwa siku ambayo mwenye jina alikuwa likizo, umejua kwamba neno la siri limegawiwa.

Na wewe ni mkaguzi, sio polisi. Viwango vyetu, ISA 240, vinakutaka uanze na dhana kwamba hatari ya udanganyifu ipo kwenye mapato, na ukikuta dalili unaipeleka juu, kwa bosi wako kwanza, kisha kwa watu wanaosimamia hoteli. Hapa meneja ndiye aliyekwambia usipoteze muda na karatasi. Simhukumu, ila usianzie kwake. Anayekubali chumba kiwe kibovu kwenye mfumo ni nani? Kama ruhusa ni ya meneja peke yake, hadithi ni tofauti na kama kila mtu anaweza kubonyeza.

Kingine usichukue 2,210,000 ukazidisha kwa 12. Juni sio Agosti. Chukua angalau mwezi mmoja wa msimu mkubwa na mmoja wa mvua, Aprili, urudie kazi hiyo hiyo. Mwezi ambao hoteli imejaa hakuna nafasi ya kuweka chumba kibovu bila mtu kuuliza, unaweza kukuta wizi unapungua wakati wageni wanaongezeka.

mhasibu_huru

Sawa nimekubali hapo. Ila nani atalipia kazi ya miezi mitatu chumba kwa chumba? Ada ya ukaguzi wa hoteli ya vyumba 40 mnaijua.

Mzee wa Leja

Sio lazima afanye vyumba vyote. Ameshajua umbo la kitu. Achukue orodha ya vyumba vilivyowekwa vibovu usiku na kurudishwa asubuhi, na bukingi zilizoghairiwa siku ile ile zilipoingizwa, avipeleke kwenye faili la kadi. Hiyo ni kazi ya siku moja kwa mwezi.

Pwani254

Niko Mombasa, mhasibu wa hoteli za ufuoni. Huku tumehamia eTIMS, ankara inakwenda KRA papo hapo, lakini tatizo ni hilo hilo, isipotengenezwa haiendi.

Boss, kuna mlango mwingine hujaugusa, bukingi za mawakala wa mtandaoni. Mgeni amebuku kupitia wakala, analipa akifika. Mtu wa mapokezi anaingia kwenye akaunti ya hoteli kwa wakala anamuandika hakufika, bukingi inafutika pande zote mbili, wakala hadai kamisheni na mgeni amelala amelipa keshi ama ametuma kwa simu. Mwenye hoteli akiona anashukuru kwamba kamisheni imepungua. Kwa hivyo omba taarifa ya mwezi moja kwa moja kwa wakala, yenye wote waliobuku na hali zao, kisha wale wa hakufika uwatafute kwenye karatasi zako za usafi. Sisi tulipata wengi hapo kuliko kwenye vyumba vibovu.

Na uliza mgeni analipa kwa simu kwenye namba gani. Si ajabu kibandiko cha pale kaunta ni namba ya mtu binafsi.

Mkaguzi_Kaskazini

Ya mawakala sikuwa nimeifikiria kabisa, naiandikia barua kesho. Lipa namba nimeangalia, ya kaunta ni ya hoteli, imesajiliwa kwa jina la kampuni.

Sasa mgahawa. Nimegundua kitu ambacho kinaunga na vyumba. Asubuhi weita anaandika namba ya chumba ya kila anayekula chai, kwa sababu chai imo ndani ya bei ya chumba. Katika vile vyumba 26, 11 namba zao zipo kwenye orodha ya chai. Chumba kibovu kimekunywa chai.

Weita_Mstaafu

Hiyo orodha ya chai itunze sana, piga picha leo, kesho usiikute. Mimi nimefanya migahawa ya hoteli na nitakwambia hela inapitia wapi, sio jikoni.

Mteja amekula, bili imechapwa, amelipa keshi 60,000 ameondoka. Weita anarudi kwa msimamizi anasema mteja amekataa samaki, anafutiwa samaki kwenye mfumo, bili inabaki 35,000 na ndiyo inayopelekwa kwa keshia. Samaki ameliwa. Kwaiyo usiangalie zimefutwa oda ngapi, angalia zimefutwa lini. Oda iliyokosewa kweli inafutwa ndani ya dakika chache, jikoni hawajaanza. Ikifutwa baada ya bili kuchapwa, iwe na sababu na sahihi ya mpishi kwamba chakula kimerudi.

Mkaguzi_Kaskazini

Nimezitoa. Oda nyingi zilizofutwa ni ndani ya dakika kumi, sawa. Ila kuna 43 zilizofutwa baada ya bili kuchapwa, na 38 kati ya hizo msimamizi ni mmoja. Karatasi za oda zinazobaki jikoni nimetafuta 43 zote, 40 nimezipata na zimepigwa mstari kwamba chakula kimetoka. Hakuna hata moja yenye maandishi kwamba kimerudi.

Baa ndo imenishinda. Nimehesabu stoo na mauzo, chupa ya 750 kwa toti ya 30 inatoa toti 25, nimepiga hesabu ya pombe kali zote na upungufu ni kidogo sana. Lakini mauzo ya baa naona ni madogo kwa hoteli ya namna hii. Nimalize tu kwamba baa iko safi?

Weita_Mstaafu

Hapana. Stoo kulingana na mauzo kunathibitisha kwamba pombe ya hoteli haikuibiwa. Baamani anaweza kuja na chupa yake ameinunua duka la jumla, anamimina toti 25 kutoka kwenye chupa yake, hela yote inaingia mfukoni mwake, na stoo ya hoteli haijaguswa. Hesabu yako itakuwa safi mwaka mzima. Nimeona watu wakifanya hivyo na wakapewa zawadi ya mfanyakazi bora kwa sababu hawana upungufu.

Wabandike stika yenye alama ya hoteli kwenye kila chupa inayotoka stoo, chupa mpya itoke kwa kurudisha tupu yenye stika. Ukienda bila taarifa ukakuta chupa haina stika, unayo.

Pwani254

Stika inasaidia kuanzia kesho, haikuambii kitu kuhusu Juni. Mimi ningechukua mauzo ya vinywaji kwa kila mteja aliyekula jioni, nipange kwa shifti za baamani. Wageni ni wale wale, mauzo yakianguka nusu kila anapokuwa zamu mtu fulani, kuna kitu.

Mzee wa Leja

Hapo siafikiani moja kwa moja. Jumamosi na Jumanne hazifanani, kundi la wazee wa kanisani na kundi la waliotoka kupanda mlima hawanywi sawa. Uwiano unakuonyesha pa kutazama, hauandikwi kwenye ripoti kama hasara. Kwa baa ya Juni huenda usipate jibu, na ni halali kuandika kwamba udhibiti haukuwepo na kiasi hakiwezi kupimwa.

Pwani254

Nimewahi kuandika kwa uwiano na ulishika, baamani alikiri. Lakini ndiyo, kabla hajakiri sikuwa na namba ya kuweka.

Mkaguzi_Kaskazini

Nimeongea na bosi. Amekubali Aprili na Agosti kwa njia aliyosema Mzee, na tunakwenda kwa mwenye hoteli moja kwa moja Alhamisi. Ratiba ya shifti nimeipata, jina la zile kadi 26 ni la mtu ambaye alikuwa likizo tarehe 18 mpaka 24 Juni, na kadi 7 zimetengenezwa ndani ya siku hizo.

Dada_wa_Shuka

Nilijua. Sasa tazama nani alikuwa zamu siku hizo 7, halafu uone kama alikuwa zamu kwenye zile kadi 19 nyingine pia.